Mshipa wa Mzee

Daftari la kumi na nne nalo lilikuwa na kosa lilelile: "Tunaona kwa sababu jicho hutoa miale."

Mwalimu alikata jibu kwa wino mwekundu, akaandika pembeni: "Hapana. Ibn al-Haytham alionyesha kinyume. Ukilikodolea jua, linaloumia ni jicho. Nuru hutoka kwenye kitu, ikaja kwako. Usidhani inatoka kwako."

Alikuwa akisahihisha kwenye ukingo wa kitanda cha hospitali, karibu na mkono wa baba yake. Siku ya kumi na moja hiyo. Asubuhi darasani, mchana wodini, na miguu ilikuwa imevimba hadi kamba za viatu hazifungiki.

Kiharusi kilimpoozesha mzee upande mmoja, kikamwibia na maneno. Kumeza aliweza, daktari alishampima. Ila tangu juzi hataki. Ukimpelekea kijiko, anageuzia uso ukutani.

Nesi alikuja, akaweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wa mzee, akatazama saa.

"Hamsini na nane. Moyo unakwenda polepole, hauna neno. Lakini mwalimu, asipokula hadi kesho jioni, daktari atampitishia mpira puani."

"Atauchomoa. Namjua."

"Basi mtafutie anachokitaka."

"Ningekijua, nesi, si ningekileta hata kwa mkokoteni?"

Nesi alicheka kidogo, akaenda kitanda cha pili.

Daftari la kumi na tano lilikuwa la yule binti mchelewaji. Aliandika kwamba al-Battani alilinganisha siku ambazo usiku na mchana hulingana, alizozipima mwenyewe, na zile zilizoandikwa karne saba kabla yake, akapata mwaka wa siku 365, saa tano na dakika arobaini na sita, "bila hata saa ya mkononi." Mwalimu alimpa vema, akaongeza: "Alikosea kwa dakika mbili na kitu. Wewe na saa yako hukosea kwa ishirini."

Jibu lililofuata lilihusu tiba. Mgonjwa akificha anayemtamani, Ibn Sina alifundisha kumshika mshipa wa mkono na kumtajia majina, tena na tena. Mapigo yakibadilika ghafla kwa jina lilelile kila linaporudiwa, umeshampata.

Mwalimu aliweka kalamu chini.

Alivuta pazia. Aliushika mkono wa baba yake kama mtu anayemvusha mtoto barabara, kidole gumba kikatua juu ya mshipa. Mapigo yalikuja mara moja, yenye nguvu, ya haraka kuliko alivyosema nesi. Alifarijika. Kumbe mzee bado yumo.

"Fundi viatu," alinong'ona. Huyo ni rafiki yake wa drafti. Mapigo hayakujali.

"Shangazi." Kimya kilekile.

"Shule yako ya zamani." Hakuna.

"Mama." Mapigo yalilegea kidogo, kama mtu anayeketi, kisha yakaendelea na safari.

Lilibaki jina moja. Alirekebisha pazia kwanza.

"Redio."

Mshipa uliruka. Alirudia shangazi, ukatulia. Fundi viatu, ukatulia. Redio, ukaruka tena. Mara tatu alijaribu, kama alivyofundisha Ibn Sina, na mara tatu uliruka.

Redio ni mdogo wake mwalimu, aliyepewa jina hilo kwa kuwa hakuna aliyewahi kumkuta amezimwa. Miaka sita iliyopita basi lilimharibikia njiani, akafika mama yao ameshafukiwa. Mwalimu, dada yake, alimsimamisha mlangoni mbele za watu: "Umekuja kumfukua?" Redio aligeuka na begi lake. Tangu hapo nyumba haikusikia sauti yake.

Alimpigia simu huku ametazama dirishani.

"Usidhani ni mimi," alisema. "Ni baba. Anakutaka."

"Amesema?"

"Amesema kwa mshipa."

"Dada," Redio alisema, "umelala lini mara ya mwisho?"

Kesho yake mchana aliingia na begi lilelile, kelele zilezile.

"Mzee! Miaka yote ulikuwa unanikatiza. Leo ni zamu yangu!" Alikaa kitandani, akasimulia jinsi alivyoshindana na kondakta, na jinsi mlinzi wa getini alivyomdhania mgonjwa aliyetoroka, akamrudisha ndani kwa heshima zote. Mwalimu alicheka hadi akajifuta machozi kwa kanga ya kitandani. Mzee alikuwa akimtazama yeye, si Redio. Alimtazama kwa muda mrefu. Kisha, Redio aliposogeza kijiko cha supu, mzee akafungua mdomo.

Alimaliza bakuli.

Nesi alikuta bakuli tupu, akashika kiuno. "Haya, mmempa dawa gani?"

Mwalimu alimweleza kila kitu, Ibn Sina, majina, mshipa ulivyoruka mara tatu. Uchovu wote ulimtoka sautini. "Kwa hiyo ni mzee mwenyewe aliyemwita," alimaliza.

"Hebu nionyeshe ulivyomshika."

Mwalimu aliuchukua mkono wa baba yake kama alivyoushika jana.

Nesi aliutazama ule mkono, akamtazama Redio, kisha akamgeukia mwalimu kwa sauti ya chini.

"Sisi hatupimi kwa kidole gumba, mwalimu. Kina mshipa wake. Hayo mapigo uliyoyasikia yalikuwa yako."