Ukoko wa Mwanahawa

Wiki ya tano sasa Shomari alikuwa akimkwepa mkewe. Mwanahawa akimshika bega tu, yeye hukumbuka ghafla kwamba dirisha liko wazi. Shoga yake Mwanahawa alishahukumu: "Ana mtu huyo!" Lakini mwanamume mwenye mtu, Mwanahawa alijiuliza, angemkwangulia mkewe ukoko wa wali kila mchana, huku akimsimulia hata ndoto alizoota?

Mchana huo aliamua kuuliza. Mikono akaiweka mapajani asije akamshtua.

"Baba Mwanasha, moyo wako ninao, nauona kwenye sahani hii. Mwili wako ndio unaonikimbia. Sikushuku. Niambie tu, kuna nini?"

Shomari akaacha kukwangua sufuria.

"Tangu nianze vile vidonge vya presha, mwili hauniitikii. Naogopa ukinikumbatia utataka tuendelee, nami nitashindwa."

"Kumbe ni hilo!" Mwanahawa aliruka kutoka kitini, kicheko na machozi vikimjia pamoja. "Vidonge usiviache, kesho twende wote kwa daktari, huenda akakubadilishia. Na mimi nikikukumbatia, nimekukumbatia tu. Sitaki zaidi."

"Tu?"

"Tu!"

Shomari aliuvunja ukoko vipande viwili. Kimoja alikiweka kwenye sahani ya mkewe, kama siku zote. Cha pili akamlisha kwa mkono wake, na vidole vilipomgusa midomo, havikuwa na haraka ya kuondoka.