Chiriku na Kakakuona Aliyejikunja

Kakakuona hakuwa na mazoea ya kutoa siri zake. Siku moja alijikaza akawaambia jirani zake, "Nikiamka najisikia mzito. Hata mchwa hawana ladha tena."

Chiriku, ambaye alikuwa hajawahi kukosa jibu, akadakia kutoka tawini. "Changamka, bwana! Jua linawaka, na wenzako hata magamba hawana. Kaoge mtoni, yatakwisha."

Kakakuona akajikunja akawa kama mpira.

Ndipo akaja Nguchiro, mdadisi wa kila shimo. Akaketi kando yake. "Nimesikia ulichosema, ndugu yangu. Pole. Hilo ni zito, na dawa yake siijui. Nikae nawe, au nikuache kwanza?" Akangoja jibu.

Mwishowe pua ikachungulia. "Kaa. Lakini bado sina raha."

"Si lazima uwe nayo," akasema Nguchiro. "Ilianza vipi?"

Kakakuona akaanza kusimulia, taratibu.

Chiriku alishangaa kule tawini, maana hakuona dawa yoyote ikitolewa. Akayakariri maneno ya Nguchiro. Kesho yake, Kakakuona alipojikunja tena, Chiriku akamwimbia yote, kuanzia pole mpaka nikae au nikuache, bila kukosea hata moja. Kisha akaruka mbio kwa Nguchiro.

"Nimemwambia yale yale uliyomwambia wewe," akalalamika. "Mbona hajakunjuka?"

Nguchiro akamtazama kwa hamu ya kujua. "Kwani alikujibu nini?"

Chiriku akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza akakosa jibu.