Wajina wa Mama Chai

Fundi cherehani alisimama katikati ya sebule, bintiye mchanga kifuani, moyo ukimdunda utadhani yeye ndiye anayepewa jina.

"Ndugu zangu, karibuni. Wakwe zangu, karibuni sana, hapa ni kwenu. Na wewe mkunga wetu, uliyempokea kabla yetu sote, ahsante."

Makofi yalipigwa. Shangazi wa mtoto alikuwa ameshavuta pumzi, vigelegele viko kwenye ncha ya ulimi, maana alijua fika kwamba jina ni la marehemu mama yake. Wakwe nao walitarajia jina la bibi yao.

"Kabinti haka," fundi akasema, "kataitwa Tunu."

"Tunu ndiye nani?" shangazi aliwanong'oneza wakwe. "Ni wa kwenu?"

"Hata! Sisi tulidhani ni wa kwenu."

Mlangoni mwa jikoni vikombe vilianza kugongana kwenye trei. Aliyeishika alikuwa mama wa kambo wa mke wa fundi. Ukoo mzima, wakubwa kwa wadogo, ulimjua kwa jina la Mama Chai tu.

"Mke wangu aliachwa na mamaye angali mdogo, hajui hata kufunga kifungo," fundi akaendelea, sauti ikimpanda. "Yupo aliyemlea kama wa tumbo lake, na jina lake halisi ni Tunu. Tunataka mtoto wetu awe na moyo ule. Mama Tunu, weka trei chini, njoo umpokee wajina wako."

Trei haikuwekwa chini. Ilianguka, na kabla vigae vya vikombe havijatulia sakafuni, shangazi aliviachia vigelegele vyake vyote.