Sauti ya Mama Mdogo

Mashavu aliwaandaa wanawe mapema. “Hidaya, mtoto wa marehemu mama yenu mdogo Zaituni, anakuja kuishi nasi. Atalia, atanuna, msimlazimishe kucheza. Kukasirika ruksa, kupigana marufuku.” Raya, binti mkubwa, akaahidiwa kwamba kitanda chake hakitaguswa.

Hidaya akaja na sauti ya mama yake, imo ndani ya kidude alichokivaa shingoni. Sheria inakataza kukizima mpaka yatima awe mtu mzima.

Jioni ile ile kidude kikafoka, “Raya, toka kitandani! Mwanangu atalala hapo.”

“Mama, uliniahidi!”

Mashavu akafungua kinywa.

“Dada,” kikamkatiza, “utagombana na maiti?”

Mashavu akaanza kukunja shuka la Raya.

“Basi na wewe ufe, mama,” akasema Raya, “nipate wa kunitetea.”