Kina cha Kisimani

Seremala alikuwa akiwaghania wenzake karakanani shairi lake la kuhamia mjini:

"Nilitoka kijijini, nikalibeba godoro,
Nikamwacha kisimani, mke wangu na kihoro."

Shemeji yake akaacha kupiga randa. "Kisimani? Si ulituambia dada yangu alitoroka na dereva?"

"Ni kina tu, shemeji. Nilitaka -ni."

"Hata nyumbani ina -ni."

"Mizani zingepungua, ziwe saba badala ya nane."

Shemeji akahesabu kwa vidole. "Mlangoni inatimiza nane."

Seremala akanyoosha mkono kuchukua patasi. Nyundo ya shemeji ikawahi kutua, ikamvunja vidole. Damu ikatapakaa kwenye maranda.

"Kisima kipi?" shemeji akauliza, akiinua nyundo tena.