Moto Uani kwa Msikiti

Mwenyekiti wa msikiti alikuwa akichoma misahafu iliyochakaa, wiki ile ile alipokigeuza chuo cha Bi Mwanakheri, alimowahifadhisha wanawake Kurani, kuwa duka. Bi Mwanakheri aliingia uani, akamkazia macho.

"Usinikodolee macho, bibi. Hata Sayyidna Uthmani, khalifa, alichoma misahafu."

"Alichoma baada ya kunakili kurasa alizozitunza Bi Hafsa, mjane wa Mtume, na kupeleka misahafu mijini. Na sahaba Zaidi, mwandishi wa Mtume, alipoikusanya Kurani kutoka kwenye makuti na mifupa, alitafuta pia waliohifadhi vifuani. Wewe vifua umevifungia mlango."

Akaanza kusoma Suratun Nahl bila msahafu, akakatiza katikati ya aya, akamtazama mwenyekiti. "Haya, endelea."

Mwenyekiti akachokoa majivu.

Kutoka dukani, nyuma ya magunia, sauti ya mwanamke ikaipokea aya pale pale alipoikatiza.