Mapafu Hayana Ulimi

Mama hakuuliza ni kitu gani. Alikichomoa kwenye soksi ya kuchezea mpira ya mwanawe, kidude cha samawati kisichozidi kidole, akakisogeza puani mara moja tu, kisha akaketi kitandani.

"Si changu," kijana alisema. "Nimemshikia mwenzangu."

"Mwenzako ana jina?"

Mama akakirudisha kidude ndani ya soksi, akatoka bila kufoka. Hilo ndilo lililomtisha kijana, maana mama yake kwa kufoka hakuwa na mpinzani.

Asubuhi alikuta barua chini ya kikombe chake cha chai. Mama alikwishaondoka kwenda kiwandani, huko anakochanganya ladha za biskuti na peremende. Wenzake humwita Pua. Kwa ajili ya pua hiyo, nyumba yao haikukaanga kitunguu siku za kazi, wala mtu hakuthubutu kujipulizia manukato.

*Mwanangu,*

*Umenidanganya uso kwa uso, na hilo limeniuma kuliko kidude chenyewe. Mimi sitakuficha kitu.*

*Mnasema sigara hizi za umeme ni mvuke tu. Si mvuke wa maji. Ndani mna waya na pamba iliyolowa majimaji mazito. Waya ukipata moto, majimaji yanageuka ukungu wa chembe ndogo mno, zinazoshuka hadi kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu. Nikotini kali ingekukwaruza koo, ukakohoa, ukaitupa. Kwa hiyo huchanganywa na asidi ili ilainike, uipokee kwa wingi bila kujua. Kidude kimoja chaweza kubeba nikotini ya pakiti nzima ya sigara. Ubongo wako bado unajengwa, na ukiuzoesha sasa, utaidai kama unavyodai maji. Ndiyo maana siku hizi unanikaripia hata hujanawa uso.*

*Utasema ladha zake ni zilezile za peremende. Kweli. Lakini kilichopimwa kwa ajili ya tumbo hakikupimwa kwa ajili ya mapafu. Kuna kemikali inayoleta utamu wa siagi. Wako wafanyakazi wa viwandani walioivuta, njia zao ndogo za hewa zikaziba kwa makovu, zisifunguke tena. Mapafu hayana ulimi, baba. Hayajui tamu.*

*Wala ladha hiyo haikujiingiza humo yenyewe. Mtu mzima alikaa na mizani, akatafuta kitu ambacho mtoto hawezi kukikataa.*

*Nimekuachia kidude. Nikikunyang'anya utanunua kingine. Ukiamua mwenyewe, usikitupe jalalani, betri yake huweza kuwaka. Niletee mimi.*

*Mama yako.*

Alisoma amesimama, chai ikapoa. Alitaka kucheka, kicheko kikagoma. Wiki iliyopita uwanjani aliinama mikono magotini huku golikipa wao, mnene kama pipa, akimpita mbio: "Shikamoo babu! Tukuletee kiti?" Wote walicheka, naye akacheka, ila pumzi ya kuchekea hakuwa nayo.

Na kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia mtu. Wenzake wote walivuta ladha ya mnanaa. Yeye alichagua ndizi na maziwa, kwa sababu ilinukia kama kuugua utotoni: blanketi la mama, na kikombe cha maziwa ya moto yaliyopondewa ndizi mbivu na kutiwa sukari iliyoungua kidogo. Mama aliacha kumtengenezea miaka miwili iliyopita. "Pua yangu imechoka nayo," alisema, na hakutaka kuulizwa tena.

Kijana akajiona msaliti. Mwanamke anaamka alfajiri kumtafutia ada, naye anamtazama machoni na kumdanganya.

Akakifunga kidude ndani ya barua, akakitia mfukoni. Kukaa nacho hadi jioni hakujiamini. Alijua kabla ya adhuhuri kingekuwa mdomoni. Akakaza mwendo hadi kiwandani. Hakuwahi kuvuka geti lile. Siku zote mama humtokea nje.

Aliyempokea alikuwa mama wa ghala, kofia ya nailoni kichwani.

"Mtoto wa Pua! Mbona mrefu hivi, nyumbani mnakula ngazi? Mama yuko kikaoni. Njoo umsubiri mezani kwake."

Chumba kilikuwa cheupe. Chupa za kahawia zilijipanga ukutani, mizani ndogo ndani ya kasha la kioo, na vipande vyembamba vya karatasi vya kunusia vimesimamishwa mezani. Hata hajakaa, harufu ikamfikia. Maziwa ya moto. Ndizi mbivu. Sukari iliyoungua kidogo.

"Umeisikia, eh?" Mama wa ghala alitabasamu kama mwenye harusi. "Hiyo ndiyo inayotulisha humu mwaka huu. Haikai dukani."

"Inatiwa kwenye biskuti?"

"Biskuti!" Akapiga makofi kwa kicheko. "Biskuti tuliziaga miaka miwili sasa, mwanangu."

Akaelekeza kidevu mlangoni, yalikopangwa maboksi yakisubiri gari. Kwenye boksi la juu palikuwa na picha ya kidude cha samawati kisichozidi kidole.

Mfukoni, karatasi ya barua ilianza kulowa jasho la kiganja.

"Ila mama yako ana roho ngumu," mama wa ghala aliendelea, akipangusa meza. "Alipokuwa akiitafuta hii, sisi tunamwambia imekamilika, bosi anamwambia imekamilika, yeye anamwaga yote. Ananusa, anatikisa kichwa, anaanza upya: 'Bado. Hii mwanangu angeikataa.'"